Gari limekufa Banana, zamu inaanza saa mbili: meneja aandikiwe nini?

*"Nafanya kazi mapokezi kwenye zahanati ya binafsi Kariakoo, naishi Chanika. Zamu yangu inaanza saa 2:00 asubuhi. Wiki iliyopita daladala lilituharibikia Banana kama saa 1:10. Saa 1:40 nikamtumia meneja meseji hii: 'Shikamoo madam. Pole na majukumu. Samahani sana naomba unisamehe, leo nimetoka nyumbani mapema kabisa saa 12 kama kawaida ila gari tulilopanda limetuharibikia njiani na konda anagoma kurudisha nauli, watu wanagombana nae hapa na magari yanayopita yote yamejaa sijui tutafanyaje, nitachelewa kidogo ila niko njiani 🙏🙏'. Hakujibu. Nilipofika saa tatu kasoro akaniambia mbele ya wenzangu kwamba sikutoa taarifa ya maana. Nilieleza kila kitu! Nilikosea wapi? Na akinikata mshahara, ana haki?"*

Ndugu yangu, uliyoyaeleza yote ni kweli, ila lile moja alilolihitaji halimo. Hesabu maneno ya meseji yako: neno "nitachelewa" ni la 40. Simu ikiwa imefungwa, kioo kinaonyesha mistari michache ya mwanzo tu, na mistari hiyo ilikuwa salamu, pole na msamaha. Mtu anayeendesha gari au anayezungumza na mgonjwa akitupa jicho hapo ataona meseji ya adabu inayoweza kusubiri. Hata akiisoma hadi mwisho, hatajua uko wapi wala utafika saa ngapi.

Jiweke upande wa pili. Ni saa 1:40, zahanati inafunguliwa baada ya dakika 20, wagonjwa wa kwanza wamekaa kwenye benchi wakisubiri kadi. Meneja ana uamuzi mmoja tu wa kufanya kuhusu wewe: nani akae kwenye kiti chako, na kwa muda gani. Ukifika saa 2:15, wagonjwa watasubiri kidogo na hakuna cha kupanga. Ukifika saa 2:45, itabidi nesi aandike kadi huku na huku. Ukifika saa 4:00, inabidi apigiwe mwenzako aliyeko mapumziko, tena apigiwe sasa hivi kabla hajaondoka kwake. Neno "kidogo" halimwambii ni lipi kati ya hayo matatu. Kwa hiyo hakufanya lolote, na ulipofika akaona kwamba hakupewa taarifa.

Wengi huamini kwamba maelezo yakiwa marefu ndiyo bosi ataamini. Kwa kawaida huwa kinyume chake. Gari kuharibika ni kweli hutokea kila siku Dar es Salaam, lakini ndiyo sababu hiyohiyo anayoitoa aliyelala akapitiliza, na meneja amezisikia zote mbili mara nyingi. Aliyelala huwa na maneno mengi na mahali pachache. "Njiani" ni popote, na "niko njiani" husemwa na mtu ambaye bado anatafuta kiatu cha pili. Ukiandika "Banana" na saa utakayofika, umetoa vitu viwili vinavyoweza kupimwa, na mtu mwongo huogopa kupimwa. Ugomvi wa konda na nauli hauongezi imani hata chembe. Huo ubaki kuwa habari ya mchana, wakati wa chai.

Jambo la pili ni kutenganisha vitu vitatu ambavyo umevichanganya: taarifa, ruhusa na samahani. Gari likishakufa, kuchelewa si jambo la kuombea ruhusa, kwa sababu hata ukinyimwa utachelewa vilevile. Unachotuma ni taarifa. Ukiandika "naomba unisamehe" kabla ya kusema kilichotokea, msomaji analazimika kukusamehe jambo asilolijua bado, na wewe unaonekana mwenye hatia kwa kosa ambalo si lako. Samahani ina mahali pake, nayo ni pale utakapoingia mlangoni na kumwambia ana kwa ana, mara moja, kisha ukaketi kufanya kazi. Ruhusa inaombwa pale tu ambapo kuna uamuzi wa kweli, kwa mfano ukiona utafika saa tano na unataka kujua kama uje au ubadilishane zamu na wa mchana.

Vipi kuhusu salamu? Hapa sikubaliani na wale wanaosema ujumbe wa kazi uanze na habari moja kwa moja. Kwa meneja aliyekuzidi umri, kuacha shikamoo kunaweza kuharibu asubuhi kuliko kule kuchelewa kwenyewe. Ila shikamoo ni neno moja, na madam ni la pili, basi. "Pole na majukumu" ni maneno mazuri ya jioni. Kosa baya zaidi kwenye salamu ni lile la kutuma "Shikamoo" peke yake, kisha kusubiri "Marahaba" ndipo utoe habari. Ana kwa ana hiyo ni adabu. Kwenye simu ni dakika 15 zimepotea, kwa sababu salamu tupu haimwambii mtu kuwa kuna dharura, na ataijibu akipata nafasi.

Basi, kwa hali yako ya siku ile, ujumbe ungekuwa hivi:

*Shikamoo madam. Nitachelewa, nitafika saa 2:45 asubuhi. Gari limeharibika Banana, natafuta jingine. Nesi yupo, atashika mapokezi. Saa 2:15 nitakupa taarifa.*

Huo ni ujumbe wa herufi 156, ukihesabu nafasi na nukta. Angalia mpangilio wake. Baada ya salamu, neno la kwanza ni "nitachelewa" na la pili linakwenda moja kwa moja kwenye saa, kwa hiyo hata asipofungua simu ataona yote mawili kwenye kioo. Sababu imekuja ya tatu, kwa maneno matatu, na ina jina la mahali. Kisha kuna kazi yenyewe: nani anashika nafasi. Mwisho kuna ahadi ya taarifa nyingine, nayo ndiyo inayomzuia kukupigia kila baada ya dakika tano ukiwa unakimbilia mlango wa gari.

Sentensi ya nesi isiandikwe kwa kukisia. Kabla hujamwandikia meneja, mpigie au mwandikie huyo nesi umuulize kama ameshafika na kama anaweza kukaa mapokezi hadi saa tatu. Ukimtaja mtu ambaye hajui kwamba ametajwa, meneja akamuuliza akashangaa, umejiongezea kosa la pili. Kama hujampata, andika tu "Namtafuta nesi ashike mapokezi", ambayo ni kweli. Na kama una kitu cha ofisi mkononi, mfano ufunguo wa droo ya fedha au wa kabati la kadi, hicho ndicho kitajwe badala ya yote hayo: "Ufunguo wa droo ninao mimi." Bila neno hilo atapanga mtu wa kukushikia, halafu mtu huyo atakaa mbele ya droo iliyofungwa, na saa mbili na nusu simu yako ndipo itaanza kuita.

Kama meneja ni wa rika lako, "Habari za asubuhi" inatosha mahali pa shikamoo. Mengine yabaki yalivyo.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo watu hupotezana bila kujua. Simu yako ilikuwa inaonyesha 7:10 gari liliposimama, na wewe umeniandikia saa 1:10. Hilo ni sawa, kwani ndivyo tunavyosema. Tatizo huja mtu akiandika kwa haraka "nitafika 9:15" akiwa ametazama kioo cha simu. Anayesoma kwa Kiswahili anaweza kuona saa tisa na robo, yaani alasiri, na akadhani umeahirisha siku nzima. Kwenye ujumbe wa Kiswahili andika saa ya Kiswahili, tanguliza neno "saa" na malizia na "asubuhi": saa 3:15 asubuhi. Ukiwa na meneja mgeni ambaye mnaandikiana kwa Kiingereza, tumia saa ya Kizungu na ujumbe wote uwe wa lugha hiyo. Usichanganye saa ya huku na lugha ya kule. Tena usiandike "nusu saa tu" au "dakika 40". Ujumbe umetumwa saa 1:20, yeye anausoma saa 1:50. Hizo dakika 40 anaanza kuzihesabu kutoka wapi? Saa ya kufika haibadiliki kwa kuchelewa kusomwa.

Saa hiyo unaipataje wakati umesimama kando ya barabara na hujui gari lijalo litatoka wapi? Ipige hesabu kwa vipande, kutoka pale uliposimama hadi kwenye kiti chako. Chukulia ni saa 1:15. Kupata gari jingine Banana wakati huo, mengi yakiwa yamejaa tangu Gongo la Mboto, jipe dakika 25. Safari ya Banana hadi Kariakoo asubuhi ambayo kwa kawaida hukuchukua dakika 35, jipe 40, kwa kuwa sasa uko ndani zaidi ya foleni kuliko ungekuwa kama gari lisingesimama. Kutoka kituoni hadi zahanati kwa miguu ni dakika 10. Jumla ni dakika 75, yaani saa 2:30. Ongeza dakika 15 za yale usiyoyaona, unapata saa 2:45, na hiyo ndiyo unayoiandika.

Hizo dakika 15 si uongo. Ukisema saa 2:30 ukafika saa 2:40, kwa meneja umechelewa mara mbili: mara ya kwanza zamu, mara ya pili ahadi. Ukisema saa 2:45 ukafika saa 2:40, umetimiza. Lakini usinyooshe hadi saa 4:00 ili ujihakikishie usalama. Huko ndiko atakakomwita mwenzako kutoka mapumzikoni, na wewe ukiingia saa 2:40 mtakuwa wawili kwenye kiti kimoja, mmoja wenu akiwa amekasirika.

Kuhusu wakati wa kutuma, ulichelewa nusu saa, na naona kwa nini. Ulikuwa na tumaini kwamba gari litawaka. Hesabu ya kukuokoa na tumaini hilo ni ndogo. Kama kila siku hufika kazini saa 1:45 kwa zamu ya saa 2:00, una akiba ya dakika 15 tu. Gari likisimama zaidi ya hapo, umeshachelewa hata likiwaka baadaye. Kwa hiyo swali la kujiuliza gari linaposimama ni kama ukarabati utazidi akiba yako.

Na jibu la swali hilo liulizwe kwa dereva, si kwa konda. Konda ana nauli mkononi, na kazi yake wakati huo ni kukuzuia usishuke; atakwambia "dakika mbili tu tunaondoka" hata injini ikiwa imemwagika barabarani. Mtazame dereva. Akitoa jeki na tairi la akiba, ni pancha, na gari linaweza kuondoka kati ya dakika 20 na 30 kama nati hazijakwama. Akifungua boneti mvuke ukatoka, gari limechemsha. Hapo jihadhari, kwa sababu ndilo linalodanganya kuliko yote. Wataliacha lipoe, wataongeza maji, litawaka, mtashangilia, kisha litachemsha tena mbele kidogo, kwa kuwa kilichovujisha maji au feni iliyogoma haijatengenezwa. Gari likichemsha, lihesabu kuwa limekufa na uanze kutafuta jingine. Akilala chini ya gari na kuita fundi kwa simu, au gari likinguruma bila kusogea kwa sababu ya klachi, usisubiri hata dakika tano.

Dakika tano ndiyo kipimo cha juu kwa hali zote. Gari limesimama saa 1:10, umeuliza, umeona, saa 1:15 umeshaamua, saa 1:20 ujumbe umekwenda. Meneja anakuwa na dakika 40 kabla ya kufungua. Ujumbe wako wa saa 1:40, hata kama ungeandikwa vizuri, ungemwachia 20. Na ikitokea gari likawaka muujiza ukafika saa 2:00 kamili, utatuma mstari mmoja: "Madam nimewahi, asante." Hakuna meneja aliyewahi kumkasirikia mtu kwa hilo.

Nauli isikushikilie. Desturi ya kawaida barabarani ni konda kuwafaulisha abiria kwenye gari lingine, au kurudisha pesa iliyobaki. Ni haki yako kuidai, ila idai huku ukitazama magari yanayopita. Ukiona gari lenye nafasi, panda. Pesa ya nauli ya kutoka Banana hadi Kariakoo haifikii thamani ya nusu saa ya zamu yako. Mkiwa watatu au wanne mnaoelekea upande mmoja, kuchanga bajaji hadi Tazara mara nyingi ni njia nzuri, kwa sababu pale magari yanatoka pande zaidi ya moja. Bodaboda ni ya haraka kuliko zote, lakini usiipande bila kofia ngumu kwa ajili ya kuokoa dakika 15.

Sasa njia ya kutumia. Ulituma meseji ya kawaida, na kwa dharura hilo lilikuwa chaguo sahihi. Meseji haihitaji data, na simu ya mpokeaji ikiwa imezimwa au haina mtandao, kampuni ya simu huihifadhi na kuendelea kuipeleka kwa muda hadi simu ipatikane. WhatsApp inategemea data za pande zote mbili. Ukiona tiki moja, ujumbe haujafika kwenye simu yake. Tiki mbili, umefika. Zikigeuka buluu, ameufungua, ingawa aliyezima alama hiyo kwenye mipangilio hataonyesha buluu hata akiusoma. Tiki moja ikikaa dakika tano, tuma uleule kwa meseji. Na kundi la wafanyakazi si mahali pa kutoa taarifa hii. Huko utachanganyika na picha za asubuhi njema, na baadaye hutaweza kusema ulimwambia nani.

Kuna hila moja ya meseji ambayo wachache wanaijua. Meseji moja hubeba herufi 160 za kawaida. Ikizidi, simu huikata vipande vya herufi 153 na kuviunganisha upande wa pili. Lakini ukiweka emoji hata moja, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo wa uandishi na nafasi hushuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukizidi. Ujumbe wako ulikuwa na herufi zaidi ya 300. Bila ile mikono miwili ya 🙏 ungekuwa meseji tatu. Kwa sababu yake ukawa meseji tano. Kila kipande hukatwa kwenye kifurushi chako, na mtandao ukiwa mzito kipande kimoja kinaweza kuchelewa, mpokeaji akabaki na ujumbe wenye pengo au asiuone wote hadi kipande hicho kifike. Hata alama ya juu kwenye jina kama Chang'ombe inaweza kuleta hayo, endapo kibodi ya simu yako inaiweka ikiwa imepinda badala ya kusimama wima. Ujumbe wa herufi 156 niliokuandikia hauna emoji na hauna alama iliyopinda, kwa hiyo unakwenda kama meseji moja.

Je, upige simu badala yake? Kwa kuchelewa chini ya saa moja, ujumbe unatosha na una faida ya kubaki na saa yake. Piga pale ambapo kuna mlango hautafunguka bila wewe, au pale ambapo zimepita dakika 15 hujajibiwa na muda wa kufungua umekaribia. Asipopokea mara mbili, acha kupiga, mpigie anayemfuata kwa madaraka.

Saa 2:15 ikifika, tuma ulichoahidi hata kama hakuna jipya. Mambo yakienda vizuri: "Nimepata gari, niko Tazara. Saa 2:45 iko palepale." Yakienda vibaya: "Bado niko Banana, magari yamejaa. Sasa nitafika saa 3:15 asubuhi." Saa inabadilishwa mara moja tu. Ukiona unaibadilisha mara ya pili, ujue ulianza na tumaini badala ya hesabu, na hapo ni bora upige simu mzungumze kama uendelee kuja au upangiwe zamu nyingine. Picha ya gari lililoharibika si lazima kuituma, na usiitume bila kuombwa. Inaonekana kama unajitetea kabla hujashtakiwa. Ipige ukipenda, ibaki kwenye simu yako. Kama ni ajali, usipige wala kutuma picha za majeruhi kwa sababu yoyote.

Kuhusu mshahara, nitakujibu kwa Tanzania Bara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamzuia mwajiri kukata mshahara isipokuwa pale ambapo sheria iliyoandikwa, mkataba wa pamoja, amri ya mishahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi inaruhusu, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Faini ya papo kwa papo, ya aina ya "ukichelewa elfu tano", haimo kwenye orodha hiyo kwa sababu tu meneja ameitangaza. Usiichanganye na malipo ya saa au ya kibarua cha siku: anayelipwa kwa saa alizofanya anaweza kulipwa saa alizofanya. Soma mkataba wako uone unalipwa kwa mwezi au kwa saa.

Hata hivyo nisikupe matumaini ya uongo: gari kuharibika hakukufanyi uwe umewahi. Mwajiri ana haki ya kuliandika, na ukichelewa mara kwa mara ana haki ya kukuonya, hata kama kila mara gari ndilo lililokosea. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi isipokuwa liwe zito kiasi cha kuufanya uhusiano wa kazi usivumilike. Kuchelewa dakika 50 kwa sababu ya daladala hakufiki huko. Ila onyo likiwa la maandishi, lisome kabla ya kusaini, na kama kuna sehemu ya maelezo ya mfanyakazi andika saa ulipotuma ujumbe. Ndiyo maana usifute meseji zako za asubuhi.

Meseji ina mpaka wake. Ukijikuta unatuma ujumbe wa namna hii zaidi ya mara mbili kwa mwezi, acha kuutengeneza ujumbe, tengeneza safari. Omba dakika kumi na meneja, mchana, ofisini kwake, si kwa simu. Nenda na tarehe za siku ulizochelewa na jambo moja la kuomba: zamu ianze saa 3:00, au ubadilishane na anayekaa karibu ambaye yeye hapendi zamu ya jioni. Kama huwezi kubadilishiwa, akiba ya dakika 15 kwa mtu anayetoka Chanika ni ndogo mno. Panda gari la nusu saa kabla, ingawa najua maana yake ni kuamka gizani.

Wakikukata mshahara bila maandishi, anza kwa kumuuliza mhasibu kwa upole ni kifungu gani kimetumika. Usipopata jibu, nenda kwa chama cha wafanyakazi kama mnacho, au kwa Afisa Kazi wa eneo lako, ukiwa na mkataba, hati ya malipo na simu yenye zile meseji. Ikifika kuachishwa kazi, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wa kufungua mgogoro wa kuachishwa ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Usikae nazo ukisubiri mtu akuonee huruma.

Kwa wiki hii, hifadhi ule ujumbe wa herufi 156 kwenye simu yako, ukiacha wazi saa na jina la kituo. Siku gari litakaposimama tena utakuwa na vitu viwili tu vya kujaza.